Kufuta Mistari na Safu Bila Daftari la Pembeni

Swali lenyewe halichukui dakika kulieleza. Umepewa jedwali la namba, lile ambalo wanahesabu huliita matriksi. Popote penye sifuri, mstari mzima unaopita hapo kutoka kushoto kwenda kulia unatakiwa ugeuke sifuri, na safu nzima inayopita hapo kutoka juu kwenda chini nayo igeuke sifuri. Basi. Swali hili limo katika kitabu cha Gayle Laakmann McDowell ambacho vijana wengi hukisoma wakijiandaa kwa usaili wa kazi za kuandika programu, na katika tovuti ya LeetCode ni swali namba 73. Anayelisikia mara ya kwanza hudhani ni la kupashia misuli tu kabla ya maswali magumu kuanza. Kisha msaili anaongeza sharti: usitumie nafasi ya ziada inayokua kadiri jedwali linavyokua. Hapo ndipo kalamu husimama.

Tuchukue jedwali dogo tulishike mkononi, lenye mistari 4 na safu 5:

```
7 3 0 5 2
4 6 1 8 9
2 0 5 3 6
8 1 4 7 3
```

Kuna sifuri mbili. Moja iko mstari wa kwanza, safu ya tatu. Nyingine iko mstari wa tatu, safu ya pili. Kwa hiyo mstari wa kwanza na wa tatu ni wa kufutwa, na safu ya pili na ya tatu vilevile. Jibu sahihi ni hili:

```
0 0 0 0 0
4 0 0 8 9
0 0 0 0 0
8 0 0 7 3
```

Namba sita zimesalia: 4, 8, 9, 8, 7 na 3. Zikumbuke hizo sita, maana ndizo zitakazotuambia kila mara nani kakosea na kakosea wapi.

Mtu mwenye penseli hulifanya hili bila kufikiri kwa sababu macho yake yanaona jedwali lote kwa pamoja, na kichwa chake kinajua ni sifuri zipi zilikuwapo tangu mwanzo. Kompyuta inasoma kisanduku kimoja kimoja na haina kumbukumbu ya jana. Ukiiambia ipite kisanduku kwa kisanduku, na kila ikikuta sifuri ifute mstari na safu papo hapo, itafanya hivyo hivyo kwa utiifu wote. Itasoma 7, itasoma 3, itakuta sifuri ya tatu, itafuta mstari wa kwanza na safu ya tatu. Itasogea hatua moja kulia. Pale palikuwa na 5, lakini sasa pana sifuri, na kompyuta haijui kwamba sifuri hiyo imeiweka yenyewe sekunde iliyopita. Itafuta safu ya nne. Itasogea tena, itafuta safu ya tano. Ikishuka mstari wa pili itakuta sifuri kwenye safu ya tatu, nayo pia ni ya kupandikizwa, na mstari wa pili wote utaondoka. Ikifika mwisho, visanduku vyote 20 ni sifuri. Hakuna hata namba moja iliyobaki kati ya zile sita.

Kwa hiyo shida haiko kwenye kufuta. Shida ni kutofautisha sifuri za asili na sifuri za kupandikizwa, na tofauti hiyo lazima iandikwe mahali fulani. Swali lote ni: iandikwe wapi?

Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kunakili jedwali lote, kusoma kwenye nakala na kufuta kwenye lile halisi. Inafanya kazi, ila inadai nafasi mara mbili. Njia ya pili ni ya busara zaidi. Hatuhitaji kujua kila sifuri ilikuwa wapi. Tunahitaji kujua tu mistari ipi imehukumiwa na safu zipi zimehukumiwa. Orodha mbili zinatosha, moja ya mistari na nyingine ya safu. Pita mara ya kwanza ukiweka alama kwenye orodha, pita mara ya pili ukifuta. Kwa jedwali la 200 kwa 200, ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika masharti ya LeetCode, nakala inataka visanduku 40,000, ilhali orodha mbili zinataka alama 400 tu. Ni nafuu kubwa. Lakini alama hizo bado zinaongezeka jedwali likiongezeka, na msaili amesema hapana.

Wapo wanaojaribu kukwepa kwa ujanja wa namba ya siri. Badala ya kuweka sifuri mara moja, wanaweka namba wanayodhani haiwezi kuwamo, tuseme -1 au -999, halafu mwisho wanageuza zote kuwa sifuri. Tatizo ni neno hilo "wanadhani". Masharti ya swali yanaruhusu namba yoyote ya biti 32, kuanzia -2,147,483,648 hadi 2,147,483,647, nazo ndizo namba zote ambazo kisanduku cha biti 32 kinaweza kubeba. Hakuna iliyobaki ya kufanywa siri. Utakayoichagua, siku moja itatokea ndani ya jedwali kama namba halali, nayo itafutwa kimya kimya. Kosa la aina hii ni baya kwa sababu programu inapita majaribio mengi bila kuonyesha dalili.

Jibu linalotafutwa ni kuandika alama ndani ya jedwali lenyewe, na kwa sifuri ileile ya kawaida. Linasikika kama wazimu: tutaandikaje juu ya data bila kuiharibu? Anayepita Tanzania kwenye barabara inayosubiri kupanuliwa ameziona herufi X nyekundu kwenye kuta za nyumba zilizomo ndani ya hifadhi ya barabara. Aliyezipaka hakuhitaji kuwaachia wabomoaji daftari, kwa maana ukuta wenyewe ndio daftari, na rangi ile haimwongezei mwenye nyumba hasara yoyote juu ya ile aliyokwisha kupata. Ndivyo ilivyo hapa. Kisanduku ambacho lazima kiishie kuwa sifuri ni karatasi ya bure, na unaweza kuandika sifuri juu yake sasa hivi bila kupoteza chochote ambacho jibu linakihitaji.

Tuone inavyokwenda. Njia ya vitabuni huteua mstari wa kwanza uwe orodha ya safu, na safu ya kwanza iwe orodha ya mistari. Ukikuta sifuri mahali fulani, unaweka sifuri mwanzoni mwa mstari huo na kileleni mwa safu hiyo. Angalia kwamba visanduku hivyo viwili vyote vimekwisha hukumiwa: cha mwanzo wa mstari kimo ndani ya mstari unaofutwa, na cha kileleni kimo ndani ya safu inayofutwa. Hakuna namba yenye haki ya kuishi iliyoguswa.

Kitu kimoja tu kinapotea. Mara alama zikiishaingia kwenye mstari wa kwanza, hatuwezi tena kujua kama mstari huo ulikuwa na sifuri yake ya asili au sifuri tunazoziona ni alama za safu. Vivyo hivyo kwa safu ya kwanza. Kwa hiyo kabla ya lolote tunauliza maswali mawili na kuyaweka majibu pembeni: je, mstari wa kwanza una sifuri? Je, safu ya kwanza ina sifuri? Majibu ni ndiyo au hapana, mawili tu, liwe jedwali la visanduku ishirini au la visanduku milioni ishirini. Hiyo ndiyo maana ya nafasi ya ziada isiyobadilika. Hatusemi hakuna nafasi inayotumika kabisa. Tunasema ile inayotumika haijali ukubwa wa jedwali.

Kwenye jedwali letu, mstari wa kwanza una sifuri, kwa hiyo jibu la kwanza ni ndiyo. Safu ya kwanza ina 7, 4, 2 na 8, kwa hiyo la pili ni hapana. Sasa tunapita visanduku vya ndani, yaani vyote visivyo vya mstari wa kwanza wala safu ya kwanza. Sifuri pekee tunayoikuta huko ni ile ya mstari wa tatu, safu ya pili. Tunaweka sifuri mwanzoni mwa mstari wa tatu, palipokuwa na 2, na kileleni mwa safu ya pili, palipokuwa na 3:

```
7 0 0 5 2
4 6 1 8 9
0 0 5 3 6
8 1 4 7 3
```

Kisha tunapita tena visanduku vya ndani, na kwa kila kimoja tunatazama juu kabisa na kushoto kabisa. Kama mojawapo ni sifuri, kinafutwa. Mstari wa pili unapoteza 6 na 1 kwa sababu vilele vya safu zake ni sifuri, lakini 8 na 9 zinabaki. Mstari wa tatu unaondoka wote kwa alama ya kushoto. Mstari wa nne unapoteza 1 na 4, unabaki na 7 na 3. Mwisho kabisa tunarudi kwa yale majibu mawili. Mstari wa kwanza ulisema ndiyo, tunaufuta wote. Safu ya kwanza ilisema hapana, tunaiacha ilivyo, na ndiyo maana 4 na 8 za kushoto zinaokoka. Namba sita zimetimia.

Neno "mwisho kabisa" hapo juu lina uzito. Ukiufuta mstari wa kwanza kabla ya kushughulikia visanduku vya ndani, umefuta orodha yako mwenyewe, au tuseme umeijaza alama ambazo hukuziweka. Kila safu sasa ina sifuri kileleni, kwa hiyo kila kisanduku cha ndani kitafutwa. Jedwali letu lingebaki na 4 na 8 za safu ya kwanza tu, mengine yote sifuri. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani kama mstari wa kwanza hauna sifuri ya asili, kwa sababu hapo hakuna kinachofutwa mapema. Mtu anaweza kujaribu majedwali kumi yenye sifuri katikati tu na yote yakatoka sawa. Anayetaka kuikagua kazi yake aweke sifuri kwenye mstari wa kwanza kwa makusudi, halafu azirudie na kwenye safu ya kwanza.

Kosa la pili liko kwenye kona, nalo ndilo linalowaangusha wengi. Kisanduku cha kona ya juu kushoto ni mwanzo wa mstari wa kwanza na papo hapo ni kilele cha safu ya kwanza. Mwandishi wa programu anayependa kubana matumizi huona hakuna haja ya yale majibu mawili ya pembeni: mstari wa kwanza ukiwa na sifuri, si tuweke alama kwenye kona kama tunavyofanya kwa mistari mingine? Jedwali dogo kabisa la kumwonyesha kosa lake ni hili:

```
1 0
3 4
```

Jibu sahihi linabakisha 3. Lakini sifuri iliyo juu kulia imeweka alama kwenye kona ikimaanisha "futa mstari wa kwanza", na programu inapofika kwenye safu ya kwanza inaisoma alama ileile kama "futa safu ya kwanza". 3 inaondoka bila kosa lolote. Kona moja haiwezi kubeba majibu mawili. Inaweza kubeba moja, na ndiyo maana utakutana na matoleo yenye jibu moja tu la pembeni: kona inasema habari za mstari, na jibu la pembeni linasema habari za safu. Ni halali, ila mimi sioni faida ya kuokoa biti moja kwa gharama ya msimbo ambao mwenzako atausoma mara tatu ndipo aelewe.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi, na inashangaza kwamba haifundishwi sana. Rudi kwenye hoja ya kisanduku kilichohukumiwa. Mstari wa kwanza ulichaguliwa kuwa daftari kwa mazoea tu, kwa kuwa uko juu. Huenda wenyewe haujahukumiwa, na shida yote ya majibu mawili na kona inatokana na hilo: tunaandika kwenye ukurasa ambao huenda bado una kazi. Kwa nini tusichague mstari na safu ambazo tunajua kwa hakika zinafutwa? Kuzipata ni rahisi. Tafuta sifuri ya kwanza utakayokutana nayo. Mstari wake wote na safu yake yote zitafutwa mwishoni, iwe isiwe. Hizo ndizo daftari.

Kwenye jedwali letu sifuri ya kwanza iko mstari wa kwanza, safu ya tatu. Kwa hiyo mstari wa kwanza unakuwa orodha ya safu, na safu ya tatu inakuwa orodha ya mistari. Tukiikuta ile sifuri ya mstari wa tatu, safu ya pili, tunaweka alama kwenye mstari wa kwanza, safu ya pili, na kwenye mstari wa tatu, safu ya tatu. Kisha kila kisanduku kisicho cha daftari hizo mbili kinatazama alama zake mbili na kuamuliwa. Mwisho daftari zenyewe zinafutwa bila kuuliza swali lolote, kwa sababu jibu linajulikana tangu mwanzo. Kona ya mgogoro haipo tena: pale daftari mbili zinapokutana ndipo ilipo sifuri tuliyoanza nayo, na inamaanisha "futa" kwa pande zote mbili. Kinachowekwa pembeni ni namba mbili tu, ya mstari na ya safu. Na kama hakuna sifuri popote, hakuna kazi.

Kwa lugha ya Python, ambayo huhesabu mistari na safu kuanzia 0, yote hayo ni haya:

```
def futa(a):
    m, n = len(a), len(a[0])
    r = c = -1
    for i in range(m):
        for j in range(n):
            if a[i][j] == 0:
                if r < 0:
                    r, c = i, j
                a[i][c] = 0
                a[r][j] = 0
    if r < 0:
        return
    for i in range(m):
        for j in range(n):
            if i != r and j != c:
                if a[i][c] == 0 or a[r][j] == 0:
                    a[i][j] = 0
    for j in range(n):
        a[r][j] = 0
    for i in range(m):
        a[i][c] = 0
```

Msomaji makini atauliza: si tunaandika alama wakati bado tunasoma? Je, hatutaikuta alama yetu mbele na kuidhania sifuri ya asili, kama lile kosa la mwanzo? Tutaikuta, kweli. Alama ya mstari inaweza kuwekwa kulia kwa mahali tulipo, na hatua chache mbele tutaisoma kama sifuri. Lakini kisanduku hicho kiko kwenye safu ya daftari, kwa hiyo alama zitakazotokana nacho ni mbili: moja ni palepale alipo, na nyingine ni kwenye makutano ya daftari, ambapo tayari pana sifuri. Hakuna hukumu mpya inayotolewa. Hilo ndilo linaloitofautisha na ile njia ya kufuta papo hapo.

Je, faida yake kazini ni kubwa kiasi gani? Tuseme ukweli, ni ndogo. Alama 400 za jedwali la 200 kwa 200 zikiwekwa kila moja kwenye baiti moja ni baiti 400, na zikibanwa biti kwa biti ni baiti 50. Simu ya bei ya chini kabisa haitazihisi. Hata Arduino Uno, ubao mdogo wa kufundishia elektroniki wenye kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048 tu, hauleti sababu ya kutosha. Jedwali la 40 kwa 40 lenye kisanduku cha baiti moja linakula 1,600, zinabaki 448 kwa shughuli nyingine zote. Nakala ya jedwali haiingii kamwe. Lakini orodha mbili za biti zinadai baiti 10, nazo zinaingia bila kusukumana.

Na kuandika ndani ya jedwali kuna gharama ambayo msaili huwa haitaji. Kwa njia ya orodha mbili, mpito wa kwanza haugusi namba hata moja. Ukigundua katikati kwamba ulipewa jedwali lisilo sahihi, unaacha na kila kitu kiko kilivyokuwa. Kwa njia hii, tangu alama ya kwanza jedwali si la zamani wala si jipya. Umeme ukikatika kazi ikiwa nusu na jedwali limo kwenye faili, ukilianzisha upya utapata jibu sahihi ikiwa ulikuwa bado kwenye kuweka alama, kwa kuwa kila sifuri iliyoongezwa iko pale mstari uliohukumiwa unapokutana na safu iliyohukumiwa. Lakini ikiwa ulikuwa umeanza kufuta visanduku vingine, programu itazihesabu sifuri hizo kama za asili na kueneza hukumu kwa mistari na safu zisizohusika. Kwenye jedwali letu, sifuri iliyopandikizwa mstari wa pili, safu ya pili, itauangusha mstari wa pili wote, na zile 4, 8 na 9 zitaondoka nao. Vivyo hivyo programu nyingine ikilisoma jedwali katikati ya kazi: itaona alama na kuzidhania data. Mwenye jedwali linalosomwa na wengi afunge mlango kwanza ndipo aanze, au atumie zile orodha mbili na kulipa baiti zake 50.